Barua Kuhusu Majina ya Waliotangulia

Kila Jumamosi ya pili ya mwezi, saa nane mchana, Kanyiva alifungua daftari kubwa la chama na kuita majina. Aliwaita kwanza walio hai, nao wakaitika mmoja mmoja. Kisha, bila kubadilisha sauti, aliwaita waliokufa.

Ndivyo ilivyokuwa mtaa wa Karakana, nyuma ya barabara ya Jogoo, tangu siku za wazee wa reli. Wazee hao walizoea kuitwa majina kila asubuhi langoni mwa karakana kabla ya kushika nyundo. Inasemekana mmoja wao alipofariki, karani alilisoma jina lake kwa mazoea, na rafiki yake akaona vibaya jina la mtu mzima lianguke chini hivi hivi. Akaitika, "Ametangulia." Kuanzia hapo Chama cha Kufa na Kuzikana cha Karakana hakikumfuta mtu. Ukifa, jina lako linabaki daftarini, na yuko mtu mmoja aliyelichukua, ambaye kazi yake ni kusimama na kulijibia.

Kanyiva aliolewa Karakana mwaka wa tisini na mbili, akitokea Mwingi, na kisanduku kimoja cha bati na kitabu cha nyimbo. Alikuta nyumba za chumba kimoja zilizopangwa kwa mistari, mabomba ya pamoja, na maua ya bougainvillea yaliyopanda hadi kwenye mapaa. Siku hizo ukikosa chumvi humtumi mtoto dukani, unabisha ukutani tu. Ukiumwa, uji unakuja kutoka mlango wa tatu, na hujui umepikwa na nani mpaka urudishe bakuli. Mumewe, Musyoka, alikuwa mchonga vinyago, na jioni akikaa mlangoni kupiga msasa twiga wake, vumbi la mti lilimjaa kwenye nyusi akaonekana mzee kabla ya wakati. Uzee wenyewe hakuufikia. Alifariki mwaka wa elfu mbili na kumi na nane.

Jina la Musyoka lilichukuliwa na Dishon, jirani yake, fundi seremala wa reli aliyestaafu. Kanyiva hangeweza kulichukua mwenyewe, kwa kuwa msomaji hajiitikii. Basi kwa miaka saba, kila Jumamosi ya pili, alisoma, "Musyoka wa mstari wa nne," na Dishon akainuka, magoti yakilia, akasema, "Ametangulia." Halafu akakaa. Kanyiva akigeuza ukurasa, moyo wake ulikuwa umetulia kama mtu aliyekwisha kunywa maji.

Mwaka wa saba ilikuja ilani. Nyumba za Karakana zitabomolewa zijengwe ghorofa, na kila mtu awe ametoka kufikia tarehe thelathini Novemba. Watu walianza kutafuta pa kwenda. Kanyiva alipata chumba mtaa wa Tena, kwa binti yake Nzivo. Wengine walitaja Kayole, wengine Umoja, wengine wakasema imetosha, wanarudi nyumbani. Dishon alikuwa wa Busia, na Busia ndiko alikokuwa akienda.

Hofu ya kila mtu ilikuwa moja. Mtu akifa Kayole, wa Mwingi atajuaje? Zamani msiba ulitangazwa kwa kupiga sufuria mstari mmoja hadi mwingine. Ndipo mwenyekiti Zedekiah, dereva wa zamani wa malori, mtu wa sauti kubwa na moyo mzuri, alipoleta wazo la kutengenezewa mfumo wa simu. Msiba ukitokea, katibu anaandika mara moja, ujumbe unawafikia wote, na kila mmoja anatuma mchango wake kwa simu hata kama ni ile ndogo ya vitufe.

Kazi ilipewa kampuni changa yenye ofisi juu ya duka la dawa, Makadara, na meneja wa mradi alikuwa msichana aitwaye Mourine Nabwire. Kanyiva, akiwa katibu, ndiye aliyekuwa akishughulika naye. Alimpenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu alimwamkia "Shikamoo mama" na kisha akamuuliza maswali mpaka jasho likamtoka. Waliandikiana mkataba: shilingi laki sita na arobaini elfu, na mfumo uwe tayari Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili Novemba. Siku hiyo wote wangekuwa bado wapo, waje na simu zao ukumbini, waandikishwe na kufundishwa.

Mwezi wa Septemba Mourine aliomba orodha ya wanachama. Kanyiva akakaa siku tatu akinakili daftari kwa mwandiko wake mzuri, jina na namba ya simu, jina na namba ya simu. Alinakili wote. Haikumjia kabisa akilini kwamba kuna wa kuacha.

Wiki iliyofuata Mourine alimpigia. "Mama Nzivo, tumejaribu kutuma ujumbe wa kuwakaribisha wanachama. Nina majibu hapa yananitatiza. Kuna mtu Kericho anasema, 'Mimi si Musyoka, na chama cha kuzikana sitaki, nimeoa juzi tu.'"

Kanyiva akajibu, "Hiyo namba ilikuwa ya mume wangu."

"Amebadilisha laini?"

"Hapana, mwanangu. Yeye mwenyewe hayuko."

Ikawa katika majina mia tatu arobaini na moja, walio hai walikuwa mia mbili na kumi na wanne. Mourine akaja hadi Karakana kuomba radhi, na Kanyiva naye akaomba radhi, wakanywa chai, na Kanyiva akamweleza juu ya kuitana na kuitika. Mourine alisikiliza bila kuandika neno.

Ni katika chai hiyo ombi lilipozaliwa. Kanyiva aliuliza kama mfumo hauwezi pia kuwaweka waliotangulia, na kila Jumamosi ya pili uwapigie wanachama simu, usome majina kwa sauti, na kila jina liwe na sauti ya yule anayelijibia, iliyorekodiwa. Mourine alisema kitu chochote kisichokuwa ndani ya mkataba huombwa kwa maandishi, akampa fomu. Kanyiva aliijaza usiku ule ule na kutia sahihi kwa niaba ya kamati. Zedekiah alisema ni wazo safi. Jumapili baada ya ibada kila mtu alikuwa analizungumzia, na wazee wengine walianza kufanya mazoezi ya kusema "Ametangulia" mbele ya simu za wajukuu.

Barua ya majibu ililetwa kwa mkono, imechapwa, katika bahasha ya kaki. Mourine alikuwa amepiga simu kwanza. "Mama, ninaileta barua. Si habari uliyotaka. Sikutaka uipate bila kusikia sauti yangu."

Kanyiva alivaa miwani na kuisoma akiwa amesimama.

*14 Oktoba 2025*

*Kwa Katibu, Chama cha Kufa na Kuzikana cha Karakana.*

*KUH: OMBI LA KUONGEZA WITO WA SAUTI KWA WALIOTANGULIA*

*Tumelipokea ombi lenu la tarehe 2 Oktoba na kulipima pamoja na mafundi wetu. Ninasikitika kuwajulisha kwamba hatutaweza kuliongeza katika awamu hii. Sababu ni hizi.*

*Kuhusu muda: kazi hiyo itachukua wiki sita kuitengeneza na wiki mbili kuijaribu. Tuna mafundi wawili tu, na wote wako kwenye taarifa ya msiba na michango. Tukiwahamisha, siku ya kuandikisha itasogea kutoka 22 Novemba hadi 17 Januari. Kufikia wakati huo wanachama watakuwa wamehama, na hatuna njia nyingine ya kuwafikia pamoja.*

*Kuhusu gharama: wanachama 131 wanatumia simu za vitufe, kwa hiyo sauti italazimika kuwafikia kwa kupigiwa, huduma ambayo hukodishwa. Kurekodi sauti za majina 127, kupata ruhusa ya kila familia, na kutengeneza sehemu yenyewe kutagharimu Sh385,000 juu ya mkataba, na Sh9,000 kila mwezi baada ya hapo. Akiba ya mabadiliko iliyomo kwenye mkataba ni Sh40,000.*

*Tunachoweza kufanya bila gharama wala kuchelewa ni kuyahifadhi majina yote 127 katika orodha yao, yasipotee na yasitumiwe ujumbe tena. Ombi la sauti tumeliandika kwenye orodha ya awamu ya pili, mtakayoiamua baada ya kutumia mfumo kwa miezi sita.*

*Mkikubaliana nasi, tafadhali tieni sahihi nakala na kuirudisha kufikia 21 Oktoba. Msiporudisha, tutaendelea na kazi kama mkataba ulivyo.*

*Ninajua mliloomba si jambo dogo.*

*Mourine Nabwire,*
*Meneja wa Mradi*

Alikaa. Akaisoma mara ya pili akitafuta mahali pa kukasirikia, asipate. Hilo ndilo lililomuuma. Barua ya dharau unaweza kuikunja ukawashia jiko. Hii ilikuwa kweli tupu, imeandikwa kwa adabu, na ilimaanisha kwamba baada ya Novemba hakuna atakayesimama popote duniani jina la Musyoka likitajwa.

Kesho yake alipanda ngazi za ile ofisi juu ya duka la dawa. Mourine alimpa kiti chake mwenyewe.

"Mama, umekasirika?"

"Ningekasirika ningetuma Zedekiah. Nimekuja kuelewa tu. Mkifanya haraka kidogo? Mkilala baadaye?"

"Wanalala saa saba sasa hivi." Mourine alivuta karatasi ukutani iliyochorwa vijumba vya rangi, kila kijumba wiki moja. Akaweka kidole. "Hapa tunajaribu taarifa ya msiba. Nikimtoa fundi mmoja hapa, nafunua hili ili nifunike lile. Siku ya kwanza ya msiba ujumbe ukifika kwa watu themanini badala ya mia mbili, nani atalaumiwa?"

"Mimi. Mimi ndiye katibu."

"Ni sisi sote wawili."

Kanyiva alivitazama vile vijumba. Baada ya tarehe ishirini na mbili kilikuwa kimoja tu kimebaki, kisha karatasi ikaisha. "Na ungekuwa na pesa zote na wakati wote," akauliza, "ungelifanya?"

"Ningelifanya, mama. Nyanya yangu alifia Pumwani nikiwa shule. Sijui hata nani alimzika."



Zedekiah aliposikia, alifika mlangoni kwa Kanyiva kabla ya jua kuzama. "Kanatufundisha kazi haka kasichana? Mwenye mali ni nani? Mimi nimeendesha lori miaka thelathini, mwenye mzigo akisema tupitie Emali, tunapitia Emali."

"Hata kama daraja limevunjika?"

"Sasa wewe uko upande gani? Ombi si ni lako?" Akapunguza sauti. "Sikiza, Mama Nzivo. Mfuko wa mazishi una laki nne na kitu. Tunamlipa, atafute fundi wa tatu. Jumamosi tunapitisha. Wewe soma barua haraka haraka, usikae sana kwenye hizo tarehe. Mambo ya watu wetu tutayajua wenyewe."

Hapo ndipo mtihani wake ulipokuwa. Kanyiva alijua kwamba akisoma haraka, watu watapitisha. Walikuwa wanalitaka jambo lile kama yeye. Mzee mmoja wa mstari wa pili alikuwa tayari amenunua shati la kurekodiwa, ingawa alielezwa kwamba ni sauti tu.

Usiku huo aliomba kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Hakusikia jibu lolote, ila alipomaliza alijikuta amefungua daftari, akihesabu. Hakuwa akihesabu waliotangulia. Alihesabu walio hai waliopita miaka sabini. Walikuwa hamsini na wanane.

Jumamosi hiyo kulikuwa na mkutano maalum, ukumbi ukajaa hadi madirishani. Kanyiva alisoma barua polepole. Alipofika kwenye tarehe, aliisoma mara mbili. Zedekiah alikohoa. Yeye akaendelea mpaka jina la Mourine.

Minong'ono ikapanda. Zedekiah akasimama na kueleza habari ya mfuko na fundi wa tatu.

"Mwenyekiti," akasema Batulo, mama muuza vitambaa kutoka mstari wa nyuma ambaye hakuwahi kumwogopa mtu, "wanawake tisa wakibeba mimba moja, mtoto atazaliwa mwezi ujao?"

Watu wakacheka, hata Zedekiah akacheka kwa shida. "Nimeelewa, Batulo. Lakini majina ya watu wetu?"

Macho yakamgeukia Kanyiva. Aliondoa miwani.

"Ndugu zangu, niwaambie kweli. Fomu ile niliijaza kwa niaba yenu, lakini niliijaza kwa ajili ya jina moja. Dishon anaenda Busia. Niliogopa. Nilifikiri nikipata sauti yake ndani ya mashine, nitakuwa salama." Akagusa daftari. "Sasa nimehesabu. Tuna wazee hamsini na wanane hapa. Mmoja wao akiitwa na Mungu mwezi wa Desemba, na sisi hatujaandikishwa, atazikwa na nani? Atazikwa na manispaa. Na mfuko tutakuwa tumeula kwa kurekodi. Mimi sitaki kuita jina la mtu ambaye hatukumzika."

Hakuna aliyepiga makofi. Dishon, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, aliinua mkono wake wenye vidole vifupi vya fundi. Baada yake mkono mwingine, na mwingine. Zedekiah aliitazama mikono kwa muda, kisha akamwomba Kanyiva kalamu, akatia sahihi kwanza yeye.

Tarehe ishirini na mbili Novemba Mourine alikuja na mafundi wake wote wawili na meza nne. Waliandikisha watu mia mbili na kumi. Wanne waliokosa walikuwa hospitalini au safarini, na Mourine akachukua namba zao awafuate. Wazee walifundishwa kubonyeza, wakabonyeza, ujumbe wa majaribio ukalia ukumbi mzima kwa wakati mmoja kama kuku walioingiliwa bandani. Nje malori ya mizigo yalikuwa yameanza kupakia. Kanyiva alitoka mara moja tu, akasimama kwenye mlango wake wa mstari wa nne, akagusa mwimo pale Musyoka alipozoea kuegemeza mgongo, ambapo rangi ilikuwa imelika. Kisha akarudi mezani, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Desemba ilipofika nusu, mama mmoja wa mstari wa pili alifariki Kayole. Kanyiva aliandika mara moja, akiwa jikoni kwa Nzivo. Kufikia jioni watu mia mbili na wawili walikuwa wamejibu. Mazishini alikuta sura ambazo hakutarajia kuziona tena, wengine wamesafiri usiku kucha. Alimpigia Mourine kumwambia hivyo tu, na Mourine akasema asante mara tatu.

Lakini Jumamosi ya pili ya Januari, baada ya ile ya Desemba kupita bila wito, ilimkuta mtaani Tena, kwenye ghorofa ya tatu, hana ukumbi wala watu. Saa nane ilipofika aliosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Saa nane na robo simu ikalia.

"Mama Nzivo," ilikuwa sauti ya Dishon, na nyuma yake jogoo na upepo, "leo huiti majina?"

"Nitamwita nani hapa, mzee? Nguo kwenye kamba?"

"Niite mimi. Nimenunua dakika hamsini, zinakwisha saa kumi. Na nimesimama, kwa hiyo usinichoshe."

Kanyiva alilitoa daftari chini ya kitanda, akavaa miwani, akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na dirisha. Hakuanza na walio hai. Alifungua moja kwa moja ukurasa ule.

"Musyoka wa mstari wa nne," akasoma.

"Ametangulia," Dishon akajibu. Halafu akaongeza jambo ambalo hakuwahi kulisema ukumbini. "Na msumeno wangu mdogo alikwenda nao, sikuwahi kuuona tena."

Kanyiva alicheka mpaka machozi yakamtoka, ndipo akayaacha yatoke. Alipoweza kusema tena, aliweka kidole kwenye jina lililofuata.

"Huyu wa chini yake si wako," akasema. "Nani humwitikia?"

Dishon akafikiri. "Huyo si dada yake Batulo? Humwitikia Batulo mwenyewe."

"Batulo yuko Umoja sasa."

"Basi nikatie, umpigie."

Akamkatia, akatafuta namba ya Batulo, akapiga.